Safu Nyekundu Katika Daftari la Mélanie

Pale Nyawera, ukishalipita soko na kituo cha pikipiki, kuna kibanda cha mbao chenye meza moja, kompyuta moja, mashine ya kuchapa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi, na benchi ya wateja. Mlangoni pameandikwa kwa rangi ya bluu: *Secrétariat public*. Ofisi za watu kuchapishiwa barua ziko nyingi Bukavu. Lakini wengi wanaokalia benchi ya Mélanie hawafuati barua za ofisi. Wanafika kwa sababu mama anatimiza miaka sitini, au bosi anatimiza hamsini, sherehe ni keshokutwa, mwenye kipaza sauti ataita jina lao mbele za watu, na wao hawana la kusema.

Mélanie hana shule kubwa. Aliishia darasa la pili la sekondari. Maneno aliyajifunza Shabunda, machimboni, alikokuwa akiuza sabuni na chumvi. Wachimbaji walikuwa na dhahabu kidogo mfukoni na wake mbali, na wengi hawakujua kuandika. Siku moja mchimbaji alinunua sabuni, akasimama tu, kisha akamwomba amwandikie mkewe barua ya sikukuu yake ya kuzaliwa. Mélanie akamuuliza, "Nimwambie nini?" Yule akajibu, "Mwambie iko bibi muzuri." Mélanie akacheka akamwambia hata mbuzi husifiwa hivyo sokoni, na hajawahi kuona mbuzi akilia kwa furaha. Akaanza kumuuliza. Akimaliza kuosha vyombo anakaa wapi? Akikukasirikia anakuita jina gani? Mchimbaji akakaa juu ya gunia la chumvi, na alipoondoka barua ilikuwa kurasa mbili. Wiki iliyofuata walikuja wachimbaji sita.

Kwa hiyo alijua mapema jambo ambalo wenye diploma hawajui: kwamba mtu hakosi maneno, anakosa wa kumuuliza vizuri. Akalifanya biashara, kama alivyofanya sabuni.

Utaratibu wake haubadiliki. Daftari lake lina safu mbili kila ukurasa. Ya kushoto, kwa wino wa bluu, ni mambo. Ya kulia, kwa wino mwekundu, ni *juu ya nini*, yaani kwa nini jambo hilo liko hivyo. Jambo lisiloandikiwa kitu upande wa kulia haliingii katika ujumbe. Sheria hiyo ilimgharimu. Miaka kadhaa nyuma aliandika ujumbe wa mwalimu mmoja mstaafu, akamsifu kwa koti lake la kahawia ambalo hakulivua hata wakati wa jua kali, alama ya heshima ya ualimu. Wanafunzi wanne walikuwa wamemwambia habari ya koti. Mwalimu alisikiliza, akasimama, akatoka ukumbini. Koti lilificha mkono ulioungua, na aliungua siku mtoto wake alipofia motoni. Wanafunzi hawakuulizwa, hawakusema. Kesho yake Mélanie alinunua kalamu nyekundu ya bic.

Ukitaka kumwona kazini, mtazame na Stanislas, dereva wa pikipiki aliyekuja mwezi wa tano kwa ajili ya mama yake Clémence.

"Andika tu kama iko mama wa baraka," alisema Stanislas. "Nguzo ya nyumba."

"Nguzo ni ya kuuza kwa fundi. Ukirudiaka saa mbaya, chakula yako iko fasi gani?"

"Ku meza. Anafunikaka sahani na sahani ingine. Halafu anaweka jiwe juu."

"Juu ya nini jiwe?"

"Juu ya paka, maman."

"Na paka ni ya nani?"

Stanislas akainamisha kichwa. Paka alikuwa wa dada yake aliyekufa, na mama hakutaka kumfukuza hata akiiba. Mélanie aliandika jiwe upande wa bluu, paka upande mwekundu. Kisha akamwuliza swali ambalo huwa la mwisho daima, "Kitu gani tusiguse mbele ya batu?" Stanislas akasema jina la dada lisitajwe. Ndipo Mélanie akampa kazi: amlete shangazi mmoja na jirani mmoja, na wasije pamoja, kwa maana wakija pamoja wa pili atasema ya wa kwanza. Ndugu husifu, jirani ndiye anayejua mtu anafokaje. Na Clémence mwenyewe asiulizwe lolote. Mwenye siku haulizwi. Hiyo nayo ni sheria. Jambo likitoka kwa watu wawili wasiosikiana, hilo ni la kweli. Likitoka kwa mmoja, liulizwe tena.

Siku ya sherehe, walisema, Clémence aliposikia habari ya jiwe alijifunika uso kwa kitenge na kucheka mpaka akaomba maji. Sokoni wakazidi kumwita Mélanie "Maman Maulizo", na yeye hakukataa.

Sasa yeye mwenyewe.

Ana binti mmoja, Gloire. Baba wa mtoto alikwenda Kinshasa kutafuta kazi na akaipata pamoja na mke. Mtoto alipokuwa na miaka minne, Mélanie alimpeleka Kalehe kwa yaya yake, yaani dada yake mkubwa, Adélaïde, mke wa mkulima, nyumba ya kupanda kidogo kutoka bandarini. Akapanda ndege ndogo kwenda Shabunda na katoni kumi za sabuni. Alifikiri itakuwa miezi sita. Ikawa miaka kumi na miwili. Alituma nguo, alituma karo, alituma unga na mafuta, na mwenyewe alifika mara moja kwa mwaka, mwaka mzuri mara mbili. Ukimuuliza, atakwambia bila kupepesa macho kwamba mtoto hakulala njaa wala hakufukuzwa shule hata siku moja. Ni kweli. Atakwambia pia kwamba wanawake aliosafiri nao walibaki na watoto wao mgongoni na leo wanachuuza ndizi barabarani. Hiyo nayo ni kweli, na huwa anaisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika.

Alipofungua kibanda Nyawera alikwenda kumchukua mtoto. Gloire alikuwa na miaka kumi na sita. Alikataa kwa adabu, kama mtu anayekataa chakula kwa jirani. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Bukavu, anapanga nyumba Kadutu pamoja na rafiki yake wa utotoni, Nathalie, mwalimu mwenzake. Anapopita kibandani husimama, husalimia. "Bonjour, maman Mélanie." Wateja wamewahi kumuuliza Mélanie yule dada ni nani. Mtoto humwita mamaye mama, si mama pamoja na jina, kama mwenye duka.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita kijana Elysée aliingia kibandani, akakaa kwenye benchi akizungusha kofia mikononi. Ni fundi umeme, na ndiye anayetaka kumwoa Gloire. Mahari ilikuwa imepangwa mwezi wa nane.

"Maman, iko kitu," alisema. "Ni ya kiti."

Mélanie alielewa. Siku ya mahari kuna kiti kimoja upande wa bibi harusi ambacho ni cha mama. Anayekikalia ndiye anayevikwa kitenge cha mama na wakwe, ndiye anayepigiwa magoti, na tangu siku hiyo ndiye mama mkwe, hata wajukuu watalelewa wakijua hivyo.

"Gloire amesema nani atakaa?"

"Hajasema. Familia yangu inamuuliza, yeye anasema tu, nitaona. Alisema atajibu nyuma ya anniversaire yake." Elysée akatazama chini. "Anatimiza miaka makumi mbili na tano, siku ya posho, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Tutafanya kitu kidogo kule kwao na Nathalie. Mi nakuambia juu naona iko vizuri ukuje."

"Amekutuma?"

"Hapana."

"Ni vizuri. Usiseme uliniambia."

Kijana alipotoka, Mélanie alifunga mlango saa nne asubuhi, kitu ambacho majirani hawakuwahi kukiona. Mtu mwingine angenunua zawadi. Lakini Mélanie alijua bei ya vitu, na alijua Gloire naye anaijua. Hakuna sufuria ambayo ingenunua kile kiti. Alikuwa na bidhaa moja tu isiyo na mshindani mjini. Angemwandikia mtoto wake ujumbe.

Akafungua daftari, ukurasa mpya, akaandika juu: *Gloire*. Akajiuliza swali la kwanza, lile la kila mteja. Mara ya mwisho mlicheka pamoja, mlicheka nini?

Alikaa. Mashine ya sokoni ya kusaga mihogo ilizimika, ikawashwa tena. Akaruka hilo. Akikasirika anafanya nini kwa mikono? Watu wa nyumbani wanamwita jina gani, na nani anaruhusiwa kulitumia? Chakula gani hali, bila kusema kwamba hali? Alikumbuka kwamba mtoto alipenda biskuti. Kisha akakumbuka kwamba biskuti alizipeleka yeye, na hakukaa kumwona akizila.

Baada ya saa nzima ukurasa ulikuwa na jina na tarehe. Stanislas, dereva wa pikipiki, alikuwa amejaza kurasa tatu.

Basi akafanya kama anavyowaambia wateja: asiyejua, aende kwa wanaojua. Asubuhi iliyofuata alipanda boti ya Kalehe na daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

Tangu bandarini aliuliza njia ya kwa dada yake, maana nyumba zilikuwa zimeongezeka. "Kwa maman Adélaïde, mke wa papa Pascal," alisema. Mwanamke aliyekuwa akianika samaki wadogo, sambaza, alifikiri kidogo. "Ah. Unataka kusema kwa maman Gloire. Panda, ile nyumba ya bati mupya." Mélanie akashukuru na kupanda.

Adélaïde alikuwa uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakusimama.

"Leo sio Noeli," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, yaya. Nakuja kukuuliza maneno ya mutoto."

"Mutoto gani?"

"Yaya."

"Nauliza tu. Weye njo Maman Maulizo, mi pia niulizeko moja." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa. Umekula?"

Mélanie alieleza: sherehe, ujumbe, mwezi wa nane hakuutaja. Adélaïde aliutaja yeye. "Na kiti," alisema, akiendelea kuchambua. "Usinizunguke, Mélanie. Mi sijakiomba. Akinipa nitakaa, akikupa nitapika. Uliza."

Na Mélanie akauliza, na alishangaa jinsi dada yake alivyojibu bila kukwama hata kidogo. Akikasirika anafanya nini? Anafua. Hata nguo safi anazitoa anazifua. Neno gani analirudia? "Basi tena." Jina la nyumbani? Kaswa, na watu wawili tu ndio wenye ruhusa, Adélaïde na mumewe. Chakula asichokula? Ini, analificha chini ya bugali. Alipendelea mnyama gani? Kuku mmoja mwekundu aliyemwita Madame Inspectrice kwa sababu alitembea mbele ya wengine akiwatazama kwa jicho moja. Siku alipochinjwa kwa ajili ya padri, Gloire alikataa kusema sala ya chakula. Kwa nini? Alisema hawezi kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho watu wameiba. Mélanie akacheka, akaandika bluu, akaandika nyekundu.

"Na siku bila masomo, alikuwaka anafanya nini?"

"Siku ya posho?" Adélaïde akachukua haragwe moja, akaligeuza. "Alikuwaka anashuka ku port. Kuangaria maboti."

"Kila siku ya posho?"

"Kila. Toka asubui mpaka ya mwisho inafika. Nilikuwaka naenda kumutosha kule magaribi, turudie nyumba."

Mélanie aliandika upande wa bluu: *Jumamosi, bandarini, maboti.* Dada yake aliacha kuchambua. Alikaa na lile haragwe kati ya vidole viwili, akimtazama, akisubiri.

Hapo inafaa kusema ukweli, kwa maana Mélanie mwenyewe amekwisha kuusema. Mfanyabiashara anajua gunia lipi asilifungue mbele ya mwenye mali. Aliona yale macho. Bic nyekundu ilikuwa mkononi. Akageuza ukurasa akauliza kuhusu shule, na Adélaïde akalitupa haragwe pamoja na mengine.

Bado alihitaji mtu wa pili. Jumatano alimngoja Nathalie nje ya shule, wakasimama kwenye ukuta wenye kivuli. Nathalie alithibitisha ini, alithibitisha kufua, alicheka mpaka akashika mbavu kwa ajili ya Madame Inspectrice.

"Na maboti?" Mélanie aliuliza. "Alikuwaka anapenda maboti?"

Nathalie aliacha kucheka. "Maboti, njo. Kila siku ya posho. Hata mvua. Anavaa ile robe yake ya manjano, ya kwenda misa, anakaa ku mawe. Mi nilikuwaka naenda naye, nachoka, narudia." Akamkazia macho. "Maman Mélanie. Hauniulize kingine?"

"Inatosha. Bawili mmesema kitu moja."

"Utamuuliza yeye pia?"

"Mwenye siku hatumuulizaka."

"Sawa," alisema Nathalie. Alifunga kifungo cha begi lake, akakifungua, akakifunga tena. "Iko kazi yako. Unaijua."

Mélanie aliandika ujumbe kwa siku tatu. Aliandika kama ambavyo hajawahi kumwandikia mteja yeyote, akafuta kila neno lililonukia kadi ya dukani. Safu nyekundu ya ukurasa ule ilikuwa imejaa isipokuwa mstari mmoja. Alipoufikia alijiambia kwamba sheria ni ya wageni. Mama hahitaji kuulizia sababu ya mtoto kupenda boti. Watoto wanapenda boti.

Sherehe ilikuwa Jumamosi alasiri, sebuleni kwa Gloire na Nathalie, viti vya plastiki vya kukodi, walimu, ndugu wa Elysée, Adélaïde amekuja kutoka Kalehe na debe la sambaza. Gloire alimwona Mélanie mlangoni, akasita, akasema "Karibu, maman Mélanie," akamletea kiti mwenyewe. Elysée alitazama dari.

Ilipofika zamu ya maneno Mélanie alisimama, akafungua karatasi. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma bei, na hiyo ilisaidia.

Alianza na ini chini ya bugali. Walimu wakacheka. Akasema kwamba akiona kamba ya nguo imejaa siku ya kazi, watu wa nyumba wajue wamekosa. Elysée akasema, "Njo sababu!" na wakacheka zaidi. Alipofika kwa Madame Inspectrice na sala iliyokataliwa, Gloire aliweka mkono mdomoni. Bega lake lilitikisika. Alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa mtoto wa miaka minne alimtazama kwa udadisi, kama mtu anayejiuliza kama alikosea nyumba. Mélanie aliliona. Katika biashara ile nukta inajulikana, mnunuzi anaposogeza mguu mmoja kuelekea kwako. Mfanyabiashara mwerevu hapo hunyamaza.

Hakunyamaza. Alisoma: "Na wewe uliyependa maboti toka utoto. Kila Jumamosi ulivaa gauni lako la manjano ukashuka bandarini kuyatazama, hata mvua ikinyesha, mpaka la mwisho lifike. Natamani siku moja tupande wote wawili, ulione ziwa lote kwa namna ulivyolipenda."

Alipoinua macho, Nathalie alikuwa anatazama sakafu. Adélaïde alikuwa amefumba macho. Elysée alipiga makofi mara mbili, peke yake, akaacha.

"Sikukuwa naangaria maboti," alisema Gloire. Hakuipaza sauti. "Nilikuwa naangaria batu benye banashuka."

Mjomba mmoja wa Elysée aliuliza pole pole, "Anasema nini?" na mkewe akamgusa goti.

"Ulisema utarudia siku ya posho," alisema Gloire. "Haukusema gani. Basi tena. Asanti kwa mesaje, maman Mélanie. Iko muzuri. Tukate keki."

Walikata keki. Kipande cha kwanza alimlisha Elysée, cha pili alikipeleka kwa Adélaïde. Mélanie alikikunja kikaratasi chake mara nne, akala keki yake yote, kwa sababu kuacha chakula kungeonekana. Alipotoka, Adélaïde alimfuata mpaka barabarani.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ulikuwa unajua nitasoma vile?"

"Nilikuwa najua uliona. Nilingoja."

"Ungesema tu, yaya."

"Eh. Maneno ya miaka kumi na mbili nikupatie bule, mu ungo ya maharagwe?" Adélaïde akajifunga kitenge vizuri. "Weye mwenyewe unasemaka: asiyeuliza haambiwe."

Wiki mbili zilipita. Elysée hakuja. Siku ya tatu ya wiki iliyofuata, mvua ya asubuhi ikiwa imekatika, Gloire aliingia kibandani. Hakusimama mlangoni kusalimia kama kawaida. Alikaa kwenye benchi, pale wanapokaa wateja, begi magotini.

"Nimekuja kwa kazi," alisema. "Nitalipa kama kila mutu."

Mélanie aliweka miwani. "Ni ya nani?"

"Ya mama, kule Kalehe. Anatimiza miaka makumi sita, mbele kidogo ya mahari. Nitaisoma siku ile ile ya mahari, akiisha kukaa ku kiti. Nilijaribu kuandika mwenyewe. Inatoka kama kadi." Akatazama mashine ya kuchapa. "Weye njo unaijua kazi. Hiyo siikatalie."

Basi jibu la kiti lilikuwa hilo, limekuja likiwa limefungwa ndani ya oda. Mélanie angeweza kumtuma kwa mwingine. Vibanda viko vingi. Alichukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika *Adélaïde*, akapiga mstari katikati.

"Mara ya mwisho mulicheka pamoja, mulicheka nini?"

Gloire alijibu. Alijibu na la pili, na la tatu, haraka, na akiwa anasema uso wake ulilainika kwa namna ambayo Mélanie aliijua kwenye nyuso za wateja, na hakuwahi kuiona kwenye huu. Kalamu ya bluu ilikimbia. Mtoto alisema kwamba mama yake huimba akivunja kuni, na huimba vibaya. Kwamba hajawahi kula kabla ya kuuliza nani hajala. Kwamba kila Ijumaa alifua gauni lile la misa, hata kama halikuchafuka, ili Jumamosi liwe tayari.

Mélanie alishika bic nyekundu.

"Juu ya nini?"

"Alikuwaka anajua nitashuka ku port."

"Angekukataza."

"Hakunikatazaka. Magaribi anakuja kunitosha, ananishika mukono. Hakusemaka hata siku moja kama hautakuja. Anasemaka, boti imechelewa."

"Juu ya nini alisema vile?"

Gloire aligeukia mlango. Nje mwenye pikipiki alikuwa akigombana na abiria. "Juu nisikuchukie," alisema. "Alifanya nguvu sana. Uandike hiyo, lakini si kwa kusoma. Ni ya kwako ya kujua tu."

Mélanie aliandika kwa wino mwekundu. Kisha likabaki swali la mwisho. Angeweza kuliruka, kama alivyoliruka lile la haragwe. Hakuliruka.

"Kitu gani tusiguse mbele ya batu?"

"Weye," alisema Gloire. "Usijiweke ndani. Itakuwa siku yake."

"Sawa."

Akaandika neno moja, akafunga daftari, akageukia kompyuta. Gloire akasema atarudi kesho. Mélanie akamwambia angoje, kwa sababu kazi hii haitachukua siku tatu. Ilichukua saa moja na nusu. Gloire alingoja na mkono shavuni, akitazama mtaa. Karatasi ilipotoka, Mélanie alifanya kama anavyofanya kwa kila mteja, alisimama akaisoma yote kwa sauti, ili mwenye kazi aseme kama kuna kosa.

Ulikuwa ujumbe mzuri kuliko wote aliowahi kuandika. Kuni, nyimbo mbaya, swali la nani hajala, gauni la manjano lililofuliwa Ijumaa na mkono uliomwongoza mtoto kupanda kilima. Hakuna aliyeondoka ndani yake, na hakuna aliyesubiriwa.

"Fasi moja umekosa," alisema Gloire.

"Gani?"

"Robe. Haikukuwa ya manjano. Ya manjano ilikuwa ya Nathalie, anachanganyaka. Yangu ilikuwa ya kijani, na vifungo nyeupe huku nyuma."

Mélanie alifungua daftari nyuma, kwenye ukurasa wa *Gloire*. Manjano: shahidi mmoja. Hakuwa ameuliza kwa wa pili.

"Weye njo uliileta," alisema Gloire, akisimama. "Toka Shabunda. Ilikuwa kubwa, mama akaikata."

Mélanie aliketi, akatafuta neno kwenye kompyuta, akalifuta, akaandika jingine. Mashine ikakohoa, ikatoa karatasi. Gloire alilipa, akaitia karatasi katikati ya kitabu ili isikunjike, akasema, "Asanti, maman Mélanie," akatoka.

Kwenye benchi alikuwa ameshakaa mzee mmoja, Déogratias, na kofia yake ya misa. Alitaka maneno kwa ajili ya mkewe, miaka sabini. Akasema aandikiwe tu kwamba ni mwanamke mwema.

Mélanie alipangusa miwani kwa ncha ya kitenge, akafungua ukurasa mpya, akapiga mstari katikati.

"Muzee," alisema, "akikungojeaka, anakungojea fasi gani?"